KUNUNUA PIKIPIKI KWA MKOPO: RIBA ISIYOPUNGUA

Msomaji wetu mmoja, kijana anayetaka kuingia katika kazi ya bodaboda, ametuandikia akiuliza kama riba ya 24 kwa mia kwa mwaka ni nzito au ni nyepesi. Twamjibu kwamba hesabu ya hizo 24 haitoshi peke yake. Sharti kwanza ajue zinatozwa juu ya deni gani: deni la siku ya kwanza, au deni linalobaki kila mwezi.

Tuseme bei ya pikipiki kwa fedha taslimu ni Shs. 2,800,000, na mnunuzi anatanguliza Shs. 400,000. Deni lake basi ni Shs. 2,400,000, naye atalilipa kwa miezi 12. Mwuzaji hutwaa 24 kwa mia ya deni hilo, yaani Shs. 576,000, akaijumlisha na deni lenyewe, ikawa Shs. 2,976,000. Jumla hiyo akiigawanya kwa miezi 12, fungu la kila mwezi huwa Shs. 248,000. Hesabu imekwisha, na hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Pikipiki ya Shs. 2,800,000 imemgharimu mnunuzi Shs. 3,376,000.

Sasa na tulipasue lile fungu la mwezi. Ndani yake mna Shs. 200,000 za kupunguza deni na Shs. 48,000 za riba. Mwezi wa kwanza hapana neno, kwa maana mnunuzi anadaiwa Shs. 2,400,000 kamili. Lakini utazame mwezi wa mwisho: deni lililobaki ni Shs. 200,000 tu, na riba yake ni zile zile Shs. 48,000! Kwa mwezi mmoja huo analipa 24 kwa mia, ambayo aliambiwa kuwa ni ya mwaka mzima. Anatozwa riba kwa fedha alizokwisha kuzirudisha zamani. Ndiyo sababu twaiita riba isiyopungua.

Kama mwuzaji angetoza riba juu ya deni lililobaki tu, yaani 2 kwa mia kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ingekuwa Shs. 48,000, wa pili Shs. 44,000, wa tatu Shs. 40,000, ikishuka hivyo hata mwezi wa mwisho ikawa Shs. 4,000. Jumla yake ni Shs. 312,000. Tofauti ni Shs. 264,000, nayo yapita fungu zima la mwezi. Kwa maneno mengine, riba isiyopungua ya 24 kwa mia, ikipimwa kwa deni ambalo mtu analo kweli mkononi, yapita 40 kwa mia kwa mwaka. Kwa hiyo mtu asilinganishe 24 ya duka hili na 30 ya chama cha akiba na mikopo kinachotoza deni linalobaki, akadhani duka ndilo rahisi.

Mtego mwingine ni muda. Mwuzaji akiona mnunuzi anasitasita, humwambia, “Ndugu yangu, basi ulipe kwa miezi 24.” Fungu hushuka hadi Shs. 148,000, na moyo wa mnunuzi hutulia. Lakini zile Shs. 48,000 za riba hazikuguswa. Zilizopungua ni zile za kulipa deni, kutoka 200,000 hadi 100,000. Riba yote sasa ni Shs. 1,152,000. Twakiri kwamba fungu dogo lina faida yake kwa mtu ambaye mapato yake ni ya kubahatisha: Shs. 248,000 kwa siku 26 za kazi ni kama Shs. 9,500 kila siku, kabla ya mafuta na matengenezo, na siku za masika abiria ni wachache. Pikipiki ikichukuliwa na mwuzaji kwa kukosa kulipa, hasara yapita riba.

Limebaki swali moja la kuuliza kabla ya kutia sahihi, nalo husahauliwa sana: nikipata fedha nikataka kumaliza deni mapema, riba ya miezi iliyobaki itafutwa? Katika mfano wetu wa miezi 12, mtu aliyekwisha kulipa miezi sita amebakiwa na deni la Shs. 1,200,000. Ikiwa hati yasema riba yote hulipwa kwa vyo vyote, atadaiwa Shs. 1,488,000, wala haraka yake haitampunguzia hata senti moja. Jibu la mdomo halifai hapa. Na aombe aonyeshwe mahali lilipoandikwa katika hati.