Kuasili Mtoto: Pengo la Miaka 21 Huhesabiwa Hadi Siku

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamtaka mtu anayeomba kuasili mtoto asiye wa ukoo wake awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na awe hajafikisha 65. Wanandoa wakiomba pamoja, inatosha mmoja wao awe ametimiza masharti hayo. Tanzania na Uganda nazo zimeweka 25 na 21 katika sheria zao za watoto.

Watu wengi huyasoma masharti hayo matatu kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja lina uhusiano wake na wakati. Mwenye miaka 24 akisubiri, atafika 25. Mwenye 63 hana nafasi ya kusubiri, hasa kwa kuwa safari ya kuasili ina hatua nyingi kabla ya mahakama kutoa amri. Lakini pengo la umri halibadiliki kamwe. Lilifungwa siku mtoto alipozaliwa, na mtu aliyepungukiwa na miezi sita leo atapungukiwa na miezi sita hiyo hiyo miaka kumi ijayo. Ndiyo maana nasema pengo likaguliwe kwanza, kabla mtoto hajazoea kumwita mtu mama.

Kosa la kawaida ni kutoa mwaka kwa mwaka. Tuseme mke alizaliwa tarehe 14 Septemba 1993, na mtoto wanayemtaka alizaliwa tarehe 3 Machi 2014. Ukitoa 1993 kwenye 2014 unapata 21, na moyo unatulia. Sasa fanya hesabu kwa njia iliyo salama: chukua tarehe ya kuzaliwa ya mzazi, ongeza miaka 21, kisha uulize kama mtoto alizaliwa siku hiyo au baada yake. Mke huyu alitimiza miaka 21 tarehe 14 Septemba 2014. Mtoto alikuwa ameshazaliwa tangu Machi, mama akiwa na miaka 20 na miezi mitano. Akiomba peke yake, sharti la pengo limemshinda.

Mumewe alizaliwa tarehe 20 Novemba 1992. Ongeza 21, unapata 20 Novemba 2013, zaidi ya miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Yeye amepita, na kwa kuwa wanaomba pamoja kama wanandoa, pengo lake linawatosha wote wawili.

Ofisi yenye majalada mengi inaweza kuifanyia hesabu hii kwenye Excel, tarehe ya mzazi ikiwa A2 na ya mtoto B2:

```
=DATEDIF(A2,B2,"Y")
```

Fomula hiyo huhesabu miaka iliyotimia tu, kwa hiyo kwa mke wetu italeta 20, na kwa mume 21. Kugawanya idadi ya siku kwa 365 hakufai. Ndani ya miaka 21 mna siku tano au sita za miaka mirefu, na hesabu hiyo itampitisha mtu ambaye bado amebakiza siku chache.

Sharti hili huwabana zaidi watoto wakubwa. Mwenye miaka 25 anaweza kuasili mtoto wa miaka minne au chini. Mwenye 30, wa tisa au chini. Kwa kijana wa miaka 14 aliyelelewa katika makao, mwombaji asiye ndugu lazima awe na angalau 35. Nadhani hilo linastahili kusemwa waziwazi kwa wanandoa vijana wanaokuja na nia njema, kwa sababu wengi hawalijui mpaka wamefika mbali.

Ndugu wa mtoto wana mlango wao. Sheria ya Kenya inawataja jamaa wa mtoto, na mama au baba yake mzazi, kando na sharti la miaka 21. Shangazi aliyemzidi mpwa wake kwa miaka 18 hazuiwi na pengo hilo, ila undugu wenyewe atauthibitisha mahakamani.

Palipo pagumu kweli ni kwa mtoto aliyeokotwa. Tarehe iliyo kwenye cheti chake huenda ilitokana na makadirio ya daktari aliyetazama meno, urefu na mifupa, na makadirio ya namna hiyo hutoa kipindi cha miezi kadhaa, au hata zaidi ya mwaka kwa mtoto mkubwa. Pengo likiwa miaka 30, tofauti hiyo haina uzito. Likiwa linakaribia 21, inaweza kuamua kila kitu. Hapo mwombaji aombe kuona ripoti yenyewe ya umri na kumpa wakili wake mapema, na asikubali mtu yeyote aisogeze tarehe ili hesabu itimie. Tarehe hiyo ndiyo itakayomwingiza mtoto shuleni na kumpatia kitambulisho, na amri ya mahakama iliyojengwa juu ya tarehe ya uongo inaweza kupingwa mtoto akiwa ameshakua nyumbani kwao.