Akiba Mbili Zinazoilinda Amplifaya

Fundi anaunga chipu ya amplifaya, kisha anaweka kapasita kati ya tokeo na ardhi ili kupunguza kelele. Badala ya kutulia, tokeo linaanza kutikisika. Chanzo kiko kwenye mrejesho.

Amplifaya hii hurudisha tokeo lake kwenye ingizo ili litolewe kwenye ishara inayoingia, na kwa njia hiyo hujisahihisha. Lakini ishara huchelewa njiani, na masafa yakipanda huchelewa zaidi. Ikichelewa nusu mzunguko, yaani digrii 180, kilichopaswa kutolewa hujumlishwa. Ikiwa kwenye masafa hayo inarudi na ukubwa ule ule iliotoka nao, saketi hujilisha yenyewe, na mtikisiko hauishi hata ingizo likiwa kimya. Harry Nyquist alichapisha sharti la uthabiti mwaka 1932.

Umbali wa saketi kutoka kwenye hatari hiyo hupimwa kwa akiba mbili. Akiba ya fezi hupimwa pale ishara inaporudi na ukubwa ule ule: zimebaki digrii ngapi kufika 180? Akiba ya ukuzaji hupimwa pale digrii 180 zinapotimia: ukuzaji ungezidishwa mara ngapi ndipo ishara irudi na ukubwa wake kamili?

Tuchukue chipu yenye ukinzani wa tokeo wa ohmu 100, ambayo ukuzaji wake ungeshuka hadi 1 kwenye megahezi 1, lakini ina ucheleweshaji wa pili wa ndani unaoanza kuuma kwenye megahezi 2. Bila kapasita, akiba ya fezi ni digrii 65 hivi, na tokeo hutulia upesi. Kapasita ya nanofaradi 10 ikishirikiana na ile ohmu 100 huongeza uchelewaji kuanzia kilohezi 159, na akiba hushuka hadi digrii 12. Kwenye oskiloskopu, wimbi dogo la mraba litaonyesha tokeo likipita kiwango chake kwa zaidi ya theluthi mbili, kisha likiyumba mara kadhaa kabla ya kutulia. Kwa nanofaradi 100, zinabaki digrii 4 tu.

Akiba ya ukuzaji haikutoa onyo hilo: kutoka nanofaradi 10 hadi 100 ilishuka kutoka mara 2.2 hadi mara 2 tu. Anayetazama hiyo peke yake atadhani saketi haijabadilika, ilhali inayumba muda mrefu zaidi, na uchelewaji mdogo wa ziada utatosha kuitikisa bila kukoma.

Tiba ni rezista ya ohmu 100 kati ya tokeo na kapasita ya nanofaradi 10, huku mrejesho ukichukuliwa kabla ya rezista. Kwenye masafa ya juu rezista huzuia kapasita isiendelee kuichelewesha ishara, na akiba ya fezi hurudi karibu digrii 67. Gharama yake ni kwamba mzigo ukivuta mkondo, volti kidogo hupotea kwenye rezista.