Ghala likifurika: barua ya kuiuliza kampuni ya bima kabla haijakataa kulipa

Maji yanapoingia ghalani usiku, kazi ya kwanza ya chama cha ushirika ni kuokoa magunia. Kazi ya pili huanza siku chache baadaye mezani, pale mkataba wa bima unapofunguliwa na wasimamizi kukutana na orodha ya mambo ambayo kampuni ilisema tangu mwanzo kwamba haitayalipia. Vyama vingi hukata tamaa hapo. Mwenyekiti husoma neno "maji" kwenye orodha hiyo, huamua kwamba fidia haipo, na faili hufungwa kabla ya mtu yeyote kuiuliza kampuni yenyewe inasemaje.

Chukua mfano wa chama cha wakulima wa mpunga katika uwanda wa Kano, karibu na Ahero. Ghala lake lina magunia 840 yaliyopangwa juu ya paleti za mbao. Mvua ya masika inanyesha milimani kwa siku kadhaa, Mto Nyando unapita kingo zake Ijumaa usiku, na kufikia alfajiri maji yamefika sentimita 40 ukutani. Jumapili maji ya nje yamepungua, lakini sakafu ya upande wa kaskazini bado inatokwa na maji kwenye nyufa, na inaendelea hivyo kwa siku tatu. Magunia 312 yamelowa. Kati ya hayo, 251 yako upande wa mlango, na 61 yako ukuta wa kaskazini.

Chama kina bima ya moto na majanga maalumu, na mafuriko yametajwa waziwazi kuwa miongoni mwa majanga hayo. Lakini chini ya neno mafuriko kuna kipengele kinachosema kampuni haitalipia "hasara inayotokana na kubadilika kwa kiwango cha maji yaliyo chini ya ardhi pekee". Kipengele cha namna hii ni cha kawaida katika bima za majengo na bidhaa. Sababu yake inaeleweka: maji yanayopanda polepole kutoka ardhini hudhuru majengo mengi mwaka baada ya mwaka, na kampuni huyahesabu kuwa tatizo la ujenzi na mahali, si ajali.

Swali la chama basi ni moja. Je, kipengele hiki kinahusu magunia yote 312, yale 61 tu, au hakihusu gunia hata moja?

Neno linalobeba uzito hapa ni "pekee". Kama kipengele kinakataa hasara iliyoletwa na maji ya ardhini peke yake, basi gunia lililoloweshwa na mto na pia na maji ya sakafuni halijaharibiwa na maji ya ardhini pekee. Na hata yale magunia 61 yana hoja yake. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi usiopitisha maji haraka. Mto ukishafunika eneo zima, maji yanayochomoza kwenye nyufa za sakafu huenda ni ya mafuriko yaleyale yaliyopenya kando ya msingi. Mikataba mingine haina neno hilo, na mingine huandika kwamba hasara haitalipwa hata kama maji ya ardhini yamechangia kwa njia yoyote. Hayo ni maneno mapana zaidi, na chama chenye mkataba wa aina hiyo kiko katika hali ngumu. Ndiyo maana barua hunakili kipengele neno kwa neno, pamoja na namba yake na ukurasa. Mikataba mingi huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kipengele kinakiliwa kwa Kiingereza hata kama barua nzima ni ya Kiswahili. Kukieleza kwa maneno mengine ni kupoteza lile neno moja lenye kesi ndani yake.

Kuna kanuni mbili za sheria ya bima ambazo mwandishi wa barua anafaa kuzijua, ingawa hana haja ya kuzihubiri. Mwenye bima ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hasara yake iko ndani ya janga lililokatiwa bima, yaani kulikuwa na mafuriko na mafuriko hayo yaliharibu mali. Akishaonyesha hivyo, kampuni inayotaka kujikinga na kipengele cha mambo yasiyolipwa ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba kipengele hicho kinahusika. Kanuni ya pili ni kwamba maneno yenye maana mbili, baada ya njia nyingine za kuyafasiri kushindwa, husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na kwa kawaida aliyeyaandika ni kampuni.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Inaandikiwa mkuu wa idara ya madai, nakala kwa wakala aliyeuza bima, na inasainiwa na mwenyekiti na katibu. Juu kuna namba ya mkataba, namba ya dai, muda wa bima na mahali ghala lilipo. Kisha:

"Tunarejelea taarifa yetu ya hasara tuliyowasilisha siku ya Jumatatu baada ya mafuriko. Ijumaa usiku maji ya Mto Nyando yaliingia ghalani kupitia mlango mkuu na kufika sentimita 40 ukutani. Baada ya maji ya nje kupungua, maji yaliendelea kuonekana kwenye nyufa za sakafu karibu na ukuta wa kaskazini kwa siku tatu. Magunia 251 yaliyolowa yalikuwa upande wa mlango na 61 karibu na ukuta huo.

"Tunaomba mtueleze kwa maandishi: kwanza, kama kampuni inakichukulia kipengele tulichokinakili hapa chini kuwa kinahusu hasara hii, pili, kama ndiyo, kinahusu magunia yapi, na kwa ushahidi gani, tatu, kampuni inasomaje neno 'pekee' pale maji ya mto na maji ya sakafuni yalipokuwapo kwa wakati mmoja.

"Mpunga uliolowa unaota na kuingia kuvu. Tunaomba mkadiriaji wenu aje kabla ya Ijumaa, au mturuhusu kwa maandishi kuukausha na kuutenga, tukihifadhi sampuli na picha. Barua hii ni ya kuomba ufafanuzi. Haiondoi dai letu wala haki yetu yoyote chini ya mkataba."

Msomaji ataona barua imetaja maji ya sakafuni waziwazi. Wapo watakaosema ni kujichongea. Lakini mkataba wa bima husimama juu ya ukweli kamili kutoka pande zote mbili, na mwenye bima anayeficha jambo ambalo mkadiriaji ataliona kwa macho yake ndani ya dakika kumi hupoteza zaidi ya magunia 61. Kosa la upande wa pili ndilo linalotokea mara nyingi: katibu anaandika kwamba "maji yalitoka ardhini", kana kwamba ameshapima chanzo chake. Barua iseme kilichoonekana, wapi na lini. Chanzo ni jambo la ushahidi.

Na ushahidi upo, mradi haujafagiliwa. Maji ya mto huja na tope. Yakiondoka huacha mstari ukutani wenye kimo kilekile kuzunguka chumba, na utando wa matope laini sakafuni na kwenye magunia ya chini. Maji yanayopanda kupitia sakafu kwa kawaida huja na tope kidogo zaidi, huanzia kwenye nyufa na pembe, na unyevu wake ukutani hupanda bila mstari ulionyooka, mara nyingi ukiacha chumvi nyeupe ukikauka. Kama magunia 61 ya kaskazini yana tope la mto hadi kimo kilekile cha yale ya mlangoni, jibu la swali la pili limeanza kuonekana. Picha zipigwe kwa futi ya kupimia ikiwa imesimamishwa ukutani, kabla ya usafi. Maduka ya jirani yaliyofurika usiku huohuo ni mashahidi pia. Zaidi ya hapo, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutunza rekodi za mvua na Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima vimo vya mito, na takwimu hizo zinaweza kuombwa kwa barua.

Jambo moja huwaponza wengi. Barua ya kuuliza si taarifa ya hasara. Mkataba huweka muda wa kutoa taarifa, na muda huo hausimami kwa sababu chama kinasubiri ufafanuzi. Taarifa iende kwanza, hata ikiwa ya mistari mitatu, na barua ya maswali ifuate. Mikataba mingi pia ina kipengele kinachoweka mwisho wa kwenda mahakamani au kwa msuluhishi baada ya dai kukataliwa, na huenda muda huo ukawa mfupi kuliko ule wa sheria ya kawaida ya mikataba, ambao ni miaka 6. Tarehe ya barua ya kukataliwa iandikwe kwenye jalada la faili.

Jibu la simu kutoka kwa wakala, liwe zuri au baya, lisichukuliwe kuwa neno la mwisho. Likitolewa, katibu amwandikie siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza leo, umesema kipengele hakihusiki, tafadhali thibitisha." Kampuni ikijibu kwamba kipengele kinahusu magunia 61 tu, chama kinaweza kuomba kulipwa yale 251 yasiyobishaniwa huku mjadala wa mengine ukiendelea. Ikisema kinahusu yote, iombwe ripoti ya mkadiriaji wake, kwa sababu mzigo wa kuonyesha kwamba mto haukuhusika ni wake. Mkadiriaji huyo huajiriwa na kampuni, na hakuna kinachokizuia chama kutafuta wa kwake, ingawa kwa magunia 61 gharama yake inaweza kula fidia yote. Kwa 312 hesabu ni tofauti.

Isipojibu, au ikijibu bila kugusa maswali, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo hupokea malalamiko ya wenye bima dhidi ya kampuni. Kinachopelekwa huko ni barua iliyotumwa, ushahidi kwamba ilipokelewa, mkataba na picha. Kwa hiyo nakala ya barua ipigwe muhuri wa mapokezi kwenye ofisi ya kampuni, au itumwe kwa barua pepe inayobaki na tarehe.

Wakati huohuo mpunga hausubiri. Magunia yaliyolowa yatengwe kwa makundi mawili kama yalivyo kwenye barua, la mlangoni na la kaskazini, kila moja na hesabu yake iliyosainiwa na mtunza ghala na mjumbe mmoja wa kamati. Yakichanganywa kwenye turubai moja la kuanikia, hakuna mkadiriaji atakayeweza kuyatenganisha tena.