Kumtagi Mwenye Wafuasi Wengi Hakukufikishi kwa Wafuasi Wake

Swali ambalo waoka keki na wapambaji huniuliza karibu kila juma ni hili, "Nimtagi nani ili posti yangu ifike mbali?", na aghalabu muulizaji huwa amekwisha kujijibu, kwani ukifungua ukurasa wake wa Instagram utakuta chini ya picha ya keki moja majina ya waimbaji, watangazaji na benki mbili, ambao hapana hata mmoja wao aliyeionja.

Dhana ya kwamba ukimtaja mwenye wafuasi milioni basi wafuasi hao watakuona ni batili, na nimechoka kuibatilisha. Uandikapo @ na jina la mtu katika maelezo, taarifa humfikia yeye peke yake. Wafuasi wake hawana habari, mithili ya wapita njia wasiojua kwamba umebisha hodi kwa tajiri. Ukimtagi juu ya picha yenyewe, posti huingia katika sehemu ya picha alizotagiwa, ambayo huonwa na mwenye kuitafuta tu; na hata hapo, mtu aweza kuamuru kwamba kisionekane kitu pasipo idhini yake, tagi yako ikabaki inangoja. Picha moja hupokea tagi hadi 20, lakini ruhusa si nasaha: aliyetagiwa bila sababu aweza kujiondoa, kukublock, hata kukuripoti, ilhali mteja, akikabiliwa na msururu wa majina, hukata tamaa ya kuitafuta bei.

Sasa tuchukue keki ya harusi iliyokatwa katika ukumbi mmoja wa Mikocheni. Wanaostahiki kutajwa ni wale ambao kazi yao inaonekana pichani:

```
Keki ya ngazi tatu, iliki na waridi.
Maua: @mpambaji
Picha: @mpigapicha
```

Kazi hutangulia jina, ili msomaji afahamu kila mmoja alifanya nini, na waliotajwa, kwa kuwa sifa ni yao pia, wapate sababu ya kuishea posti katika stori zao. Na hapo ndipo wafuasi wao huiona, kwa hiari ya wenyewe, si kwa nguvu ya tagi. Aliyekuuzia iliki hana kitu katika picha hii; mngoje siku utakapopiga picha jikoni.

Yaliyobaki ni mepesi. Lokesheni iwe ukumbi wenyewe, wala si "Dar es Salaam" nzima, kwani bibi harusi anayeuchunguza ukumbi huo ataikuta keki yako humo. Mpiga picha akiwa na hadhira uitakayo, mwombe kwanza kwa ujumbe, kisha mwalike awe mshirika wa posti. Akikubali, posti hiyo moja hukaa katika kurasa zenu zote mbili na kupelekwa kwa wafuasi wa pande zote. Maharusi wasitagiwe bila ridhaa yao. Ukisahau mtu, hariri posti umwongeze, usiifute. Na ikiwa akaunti ya ukumbi haijaposti kitu tangu mwaka juzi, lokesheni yatosha.