Mkataba wa Kurasa Sita, Tarehe Nne za Kukumbuka

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam. Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, na mkataba ni wa mwaka mmoja kuanzia 1 Machi 2026 hadi 28 Februari 2027. Una kurasa sita, na mengi yaliyomo yanafanana na ya mikataba inayosainiwa kila siku mjini: kodi kipengele cha tatu, matengenezo cha sita, notisi cha tisa. Mpangaji akishasaini anaufungia kabatini, na siku anapouhitaji ndipo anapogundua kwamba hakujua umesema nini.

Kuufupisha kwenye karatasi moja ni kazi ya jioni moja, ila usifuate mpangilio wa vipengele. Fuata kalenda. Jiulize: nalipa lini na kiasi gani, na nikitaka kuhama lazima niseme lini? Kila jibu liandikwe kwa tarehe na shilingi, maana maneno kama “kwa wakati” au “notisi ya kutosha” hayasaidii kitu ugomvi ukianza.

Malipo ndiyo mepesi zaidi, basi tuanze nayo. Siku ya kuingia mpangaji wetu anatoa 1,800,000 za miezi sita, amana ya mwezi mmoja 300,000, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Jumla 2,400,000. Pesa ya dalali haimo kwenye mkataba na hairudi. Iandike pembeni ili usije ukaichanganya na amana. Awamu ya pili, 1,800,000 nyingine, inadaiwa 1 Septemba 2026. Kisha yapo madogo madogo: maji, taka, ulinzi, na umeme kama mita ni ya pamoja. Andika nani analipa na kwa mgawanyo upi. Hapo kuna jambo wengi hawaliulizi: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji. Mnaweza kukubaliana makato hayo yapunguzwe kwenye kodi ya pango, ila makubaliano hayo yanatakiwa yaandikwe.

Sasa tuje kwenye kutoka, sehemu ambayo ningependa kila mpangaji aisome mara mbili. Kipengele cha tisa kinasema upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Hakina ubaya. Kipengele cha tatu kinasema kodi ikishalipwa haitarudishwa. Nacho, ukikisoma peke yake, utakipita tu. Viweke pamoja uone.

Chukulia mpangaji anapata uhamisho wa kazi kwenda Dodoma, na anatoa notisi 1 Oktoba. Notisi inakwisha 31 Desemba, na kuanzia hapo hana wajibu wa kubaki. Lakini mwezi mmoja kabla alishalipa hadi 28 Februari. Kodi ya Januari na Februari, shilingi 600,000, inabaki kwa mwenye nyumba, na huku mpangaji anatafuta kodi ya miezi sita ya Dodoma. Ili atoke katikati ya mwaka bila kupoteza hata shilingi, notisi ilipaswa kukwisha 31 Agosti, siku ya mwisho ya awamu ya kwanza. Maana yake angeitoa si baada ya 31 Mei. Tarehe hiyo haijaandikwa popote kwenye kurasa zile sita. Inapatikana tu kwa kuhesabu. Kwangu mimi ndiyo inayostahili kuwa mstari wa kwanza wa muhtasari.

Hesabu hiyo hiyo ifanye kwa mwisho wa mkataba. Mikataba mingi inasema asiyetaka kuendelea atoe taarifa miezi mitatu kabla, vinginevyo utahesabika umeongezwa. Kwetu hapa ni 28 Novemba 2026. Soma pia kinachotokea mwenye nyumba anapovunja yeye. Kama anaruhusiwa kukutoa kwa notisi ya mwezi mmoja wakati wewe unadaiwa mitatu, au kama hapajaandikwa kwamba atakurudishia kodi ya miezi ambayo hujakaa, umepata jambo la kujadili kabla ya kusaini. Ombi la haki ni sentensi moja: mkataba ukivunjwa kwa notisi halali, kodi ya muda usiokaliwa itarudishwa ndani ya siku 30. Akikataa kwa upande wako, omba basi uruhusiwe kuleta mpangaji mwingine wa kumalizia muda wako.

Amana nayo ni sehemu ya kutoka. Tafuta mambo mawili: inarudishwa ndani ya siku ngapi, na inakatwa kwa sababu gani. Kuna kipengele kinachomtaka mpangaji arudishe nyumba “ikiwa katika hali nzuri na imepakwa rangi”. Kupaka rangi vyumba viwili na sebule kunaweza kuimeza amana yote, hata kama hukuharibu kitu. Rangi iliyofifia kwa kukaliwa ni uchakavu wa kawaida. Kioo kilichovunjika ni uharibifu. Tofauti hiyo iandikwe, na siku ya kuingia piga picha kila chumba, mabomba, swichi na mita, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili picha ziwe na tarehe.

Kuhusu haki, muhtasari unahitaji mistari michache tu, kwa kuwa baadhi ya haki zipo hata mkataba ukinyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba akuache ukae kwa utulivu maadamu unalipa na kutimiza masharti. Kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu ni jukumu lake. Kwa hiyo paa likivuja usikubali kuambiwa kipengele cha sita kimekubebesha “matengenezo yote” bila kwanza kuuliza ni yapi. Na kama mkataba haukutaja muda wala notisi, sheria inauhesabu kuwa wa vipindi vya malipo, na notisi haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi kimoja.

Jambo jingine dogo lakini la lazima: ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Mhuri wa serikali ya mtaa hauchukui nafasi yake.

Karatasi ya mpangaji wetu, ikikamilika, inasomeka hivi: “31 Mei, mwisho wa kutoa notisi ili nitoke bila hasara. 1 Septemba, 1,800,000. 28 Novemba, niseme kama naendelea. 28 Februari, mkataba unakwisha. Amana 300,000 irudi ndani ya siku 30. Paa na kuta ni za mwenye nyumba, balbu na vitasa ni vyangu. Notisi ni kwa maandishi.”

Mtumie mwenye nyumba maneno hayo kwa Watsapu kabla hujalipa, umwombe athibitishe kama ndivyo mlivyokubaliana. Akijibu ndiyo, una maandishi yake. Akisema hapana, amana hairudi ndani ya siku 30, mtaandika upya kipengele hicho wakati milioni mbili na ushee bado ziko kwako.