Panya wa Njano na Robo Isiyozaliwa

Mjini Nancy, Ufaransa, mwanabiolojia Lucien Cuénot alijaribu kupata kizazi cha panya wadogo wa njano kisichochanganyika. Hakukipata. Hadi kufikia mwaka 1905, kila panya wa njano aliyempima, hata ambaye baba na mama yake wote walikuwa wa njano, alionekana kubeba pia rangi nyingine iliyojificha. Cuénot alidhani kwamba mbegu yenye njano hukataa kuungana na yai lenye njano. Alikosea, lakini hesabu zake ndizo zilizowafungulia wengine njia.

Mwaka 1910 Wamarekani William Castle na Clarence Little waliwapandisha njano kwa njano na kuhesabu watoto 1,235: njano 800, wasio njano 435. Kwa kanuni ya Mendel, rangi inayotawala ingetoa watatu kwa mmoja, yaani njano wapatao 926 na wengine 309. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati. Mbili kwa moja ingetoa 823 na 412, karibu kabisa na walichokiona.

Tuiite aleli ya njano Y na ya kijivu y. Wazazi wote wawili ni Yy. Katika kila mimba nne, kwa wastani, moja ni YY, mbili ni Yy, na moja ni yy. YY hufa ikiwa bado kiinitete kichanga tumboni, kwa hiyo wanaobaki ni njano wawili kwa kijivu mmoja. Ajabu ya aleli hii ni kwamba nakala moja inatosha kugeuza rangi, ila kuua huhitaji nakala mbili.

Mfugaji atajuaje? Uwiano peke yake hautoshi. Katika watoto 12, nane kwa wanne na tisa kwa watatu ni kitu kimoja. Hapo hakuna wa kuapa. Inabidi kujumlisha mizao mingi, na kuwahesabu watoto mara wanapozaliwa, kwani wa rangi moja wakifa zaidi baada ya kuzaliwa, hesabu itapotoka kwa sababu nyingine kabisa.

Kisha mchukue dume yuleyule wa njano, umpandishe kwa majike wa kijivu. Hapa YY haiwezi kutokea: watoto watakuwa nusu kwa nusu, na mzao utakuwa kamili. Akipandishwa kwa majike wa njano, mzao unapungua kwa takriban robo. Penye wanane tarajia sita. Mwisho, wapime watoto wa njano wenyewe, kila mmoja kwa kijivu. Katika uwiano wa kawaida wa tatu kwa moja, mmoja kati ya njano watatu angezaa njano tupu. Hapa, ukimpa kila mmoja watoto wa kutosha, wote watatoa na kijivu.