Duniani Wawili Wawili: Mtihani wa Sura Mpakani

Mwezi Mei 2009, mwanamke mmoja raia wa Kanada alifika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akiwa safarini kurudi kwao Toronto. Pasipoti ilikuwa yake, na picha iliyokuwamo ilipigwa miaka minne nyuma. Waliomkagua waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakaona midomo haifanani. Akazuiwa. Maofisa wa ubalozi wa Kanada nao wakasema si yeye, wakaibatilisha pasipoti yake, naye akafikishwa mahakamani. Alinasuka mwezi Agosti, baada ya kipimo cha vinasaba kuonyesha kuwa ni mama mzazi wa mtoto wake aliyebaki Kanada. Karibu miezi mitatu ilikwisha kwa sababu ya midomo.

Ni rahisi kusema kwamba wakaguzi wale walikuwa wazembe. Lakini waliochunguza kazi hii kwa makini wameona jambo jingine: kulinganisha sura ya mtu usiyemjua na picha yake ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani, na miaka mingi kazini haimfanyi mtu aijue zaidi.

Kwanza tuangalie kinachofanyika dirishani. Afisa uhamiaji anapokea pasipoti na kuiweka kwenye mashine ya kuisoma. Kama ina chipu, picha iliyohifadhiwa humo hujitokeza kwenye kompyuta, naye huweza kuona kama ndiyo ile iliyochapishwa kwenye ukurasa. Kisha anamwambia msafiri avue kofia na miwani, amtazame usoni. Macho yanakwenda kwenye picha, yanarudi kwa mtu. Huku nyuma foleni inasubiri, kwa hiyo uamuzi ni wa sekunde chache. Akiingiwa na shaka, anauliza tarehe ya kuzaliwa, anaomba saini au kitambulisho kingine, au anamwita mkubwa wake.

Chipu hiyo imewafunga mikono waghushi, kwani kubandua picha na kubandika nyingine si kazi rahisi tena. Njia iliyobaki ni kuazima pasipoti halali ya mtu mnayefanana. Wahenga walisema duniani wawili wawili, na mlaghai anachohitaji ni kumpata wa pili wake. Hapo kila kitu kwenye pasipoti ni cha kweli isipokuwa aliyeishika, na mzigo wote unaangukia macho ya afisa.

Macho hayo yalipimwa Australia. Mwaka 2014 watafiti David White, Richard Kemp na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia maafisa wa ofisi ya pasipoti ya nchi hiyo. Wanafunzi wa chuo kikuu walisimama mbele ya maafisa mmoja mmoja, na kwenye kompyuta ikatokea picha. Wakati mwingine picha ilikuwa ya mwanafunzi mwenyewe, wakati mwingine ya mtu mwingine anayefanana naye. Afisa alitakiwa kusema tu: ndiye, au siye. Katika kila picha 100 za mtu mwingine, maafisa walizikubali 14. Katika kila picha 100 za mwenyewe halisi, walizikataa 6.

Kilichowashtua wengi zaidi kilikuja baadaye. Maafisa walipopewa mtihani wa kulinganisha picha kwa picha, hawakuwazidi wanafunzi ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo. Baina ya maafisa wenyewe kulikuwa na tofauti kubwa, huyu karibu hakosei, yule anakosea mara kwa mara, lakini tofauti hiyo haikufuata miaka ya kazi. Mkongwe hakuwa na uhakika wa kumshinda aliyeajiriwa juzi.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba tunajidanganya kwa watu tunaowajua. Ndugu yako utamtambua kwenye picha yenye ukungu, akiwa mtoto, akiwa amenyoa, hata akiwa amegeuka nusu. Tunachukulia kwamba sisi ni hodari wa sura, kumbe ni hodari wa sura tulizozizoea. Rob Jenkins na wenzake walilionyesha hili mwaka 2011 kwa picha 40 za wanawake wawili mashuhuri wa Uholanzi, 20 kwa kila mmoja. Waingereza wasiowajua waliambiwa wazipange, kila mtu na fungu lake. Kwa wastani walitoa mafungu zaidi ya saba. Waholanzi waliowajua walipanga mawili bila taabu. Picha moja hutofautiana na nyingine kwa mwanga, umbali wa kamera, uzito wa mwili na umri, na asiyemjua mtu hawezi kujua ni tofauti ipi ya sura na ipi ya picha. Kwa afisa, kila msafiri ni mgeni, na picha aliyonayo ni moja, pengine ya miaka tisa iliyopita.

Sababu ya pili ni kwamba walaghai ni wachache. Afisa anaweza kupitisha maelfu ya watu kabla hajakutana na mmoja anayetumia pasipoti ya mwenzake. Majaribio yameonyesha kuwa wasiolingana wakiwa adimu, macho huzoea kusema ndiye, na huwapita bila kuwaona.

Ya tatu ni kwamba kosa halirudi kwa aliyelitenda. Mlaghai akishapitishwa, haandiki barua ya kushukuru. Afisa anakwenda nyumbani akiamini siku imekwenda vizuri, na kesho anarudia namna ile ile ya kutazama.

Mafunzo nayo hutegemea yanafundisha nini. Kozi nyingi zimekuwa zikiwafundisha maafisa kutaja umbo la uso: huu ni wa duara, huu mrefu, huu wa pembe. Njia hiyo ilipopimwa, haikusaidia, kwa sababu uso wa mtu mmoja unaweza kuonekana wa duara kwenye picha hii na mrefu kwenye ile. Kilichosaidia ni kuangalia kiungo kimoja kimoja, hasa masikio na alama za ngozi kama makovu na mabaka, badala ya kutegemea nywele na sura ya jumla. Mikunjo ya sikio haibadiliki kwa kunenepa wala kwa kucheka. Wataalamu wa kulinganisha picha kwa ajili ya mahakama hufanya hivyo na huwazidi watu wa kawaida, lakini wao hupewa muda ambao dirishani haupo.

Dawa iliyopo si ya kumlaumu afisa. Ni kuwapima watu kabla ya kuwapanga dirishani, maana kipaji hiki hakigawiwi sawa, na kuwaweka macho mawili penye shaka. Mwaka 2018 utafiti uliowahusisha wataalamu wa sura na programu za kompyuta ulionyesha kuwa mtaalamu mmoja akiunganisha uamuzi wake na wa programu nzuri, hupatia zaidi kuliko wataalamu wawili pamoja. La muhimu zaidi ni kwamba shaka juu ya sura iwe mwanzo wa maswali, isiwe hukumu. Alama za vidole na kumbukumbu za safari hujibu mengi ambayo midomo haiwezi kujibu.

Nawe msafiri, kama umepungua au kunenepa sana, umefanyiwa upasuaji wa uso, au picha yako ina umri wa miaka mingi, usisubiri pasipoti iishe muda. Kaibadilishe, na siku ya safari beba kitambulisho cha pili. Ukiombwa uvue miwani na usogeze nywele nyuma ya masikio, fanya hivyo bila kununa: huyo ni afisa anayeijua kazi yake.